Riziki ya madafu: dua fupi ya kabla ya kula

*"Shikamoo mwalimu. Tunaishi Mtwara mjini, nina watoto watatu, wa miaka 7, 4 na 2. Mume wangu anapenda ushairi na ametutungia dua ya kusema kila siku kabla ya kula:*

*Ewe Mola mtukufu, mwenye enzi na hisani,*
*Kwa riziki maradufu, twakupa zetu shukrani,*
*Tuepushe upungufu, utujaze kwa imani,*
*Tule kwa uadilifu, na amani maishani.*

*Huu ni mwezi wa tatu. Mkubwa anajua nusu. Wa kati anasema 'kwa riziki ya madafu', sisi tunacheka, baba yake anakasirika. Mdogo anangoja Amina tu, mkono uko tayari kwenye sinia. Mume wangu ni Mwislamu, na mama yangu tunayeishi naye ni Mkatoliki, ndiyo maana tulitaka maneno yanayomfaa kila mtu. Je, watoto wangu ni wazito wa kushika? Na tukilifupisha, si tutakuwa tumeliharibu shairi?"*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, kaa na mume wako mhesabu kwa vidole ule mstari wa mtoto wa kati. Kwa-ri-zi-ki-ya-ma-da-fu. Mizani nane. Sasa hesabuni wa baba: kwa-ri-zi-ki-ma-ra-du-fu. Nane vilevile. Kina cha baba ni fu, na cha mtoto ni fu. Mtoto wa miaka 4, ambaye hakuna aliyemfundisha mizani wala vina, amekutana na neno asilolijua, akaweka mahali pake neno analolijua, na alipoona limepungua silabi moja akachomeka "ya" ili nafasi isipwaye. Nimefundisha watoto wa awali miaka mingi na nimetunga mashairi miaka mingi zaidi, na nakuhakikishia kwamba wapo watu wazima wanaojiita washairi ambao sikio lao halifanyi hivyo. Huyo mtoto ana sikio zuri sana. Kilichomponyoka ni neno "maradufu", na sababu yake inaeleweka.

Mtoto mdogo hulishika shairi kwa sikio kwanza, maana hufuata baadaye. Kitu cha kwanza anachokisikia ni mapigo. Katika Kiswahili sauti hukaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: rizíki, maradúfu, asánte. Mtoto ananasa pigo hilo kabla hajajua neno lina maana gani. Kitu cha pili anachonasa ni mwisho wa mstari, kwa sababu hapo msemaji anatua, kunakuwa kimya kidogo, na sauti ya mwisho inabaki sikioni bila kusukumwa na nyingine. Ndiyo maana watoto wengi huanza kwa kudakia miisho: mkubwa akisema mstari mzima, mdogo anaruka na neno la mwisho tu. Katikati ya mstari ndipo maneno yanapomezwa. Sasa, kwenye nafasi ambayo sikio limeshika pigo na kina lakini neno lenyewe ni geni, mtoto hakai kimya. Anatafuta katika akiba yake neno linalofanana nalo. Mtoto wa Mtwara hajawahi kutumwa dukani kuleta maradufu, ila madafu anayajua, ameyanywa, ameona yanavyokatwa kwa panga. Basi madafu yakaingia. Na mlipocheka siku ya kwanza, neno likapigiliwa msumari: kila akilisema watu wanafurahi, kwa nini aliache?

Kwa hiyo msimcheke na msimkaripie katikati ya dua. Ukimsahihisha hapohapo, wenzake wamekodoa macho na chakula kinafuka, atakachoshika ni aibu, na mara nyingine ataanza kunong'ona ili asisikike. Msahihishe kwa kulisema wewe vizuri siku inayofuata, taratibu, ukimtazama usoni ili aone midomo yako.

Shairi la mume wako si baya, tena kwa kanuni za tarbia limesimama vizuri. Kila mshororo una nane kwa nane, vina vya kati vimeshuka fu mpaka chini, vina vya mwisho navyo ni "ni" mpaka chini. Ila nimelisoma nikitafuta kitu kimoja tu: neno la kitu ambacho mtoto anaweza kukinyooshea kidole. Sikulipata. Enzi, hisani, upungufu, imani, uadilifu, amani, yote ni maneno ya mambo yasiyoonekana. Mtu mzima anayabeba kwa sababu ana maisha ya kuyajaza. Mtoto wa miaka 4 yuko mbele ya sinia la ugali, na hakuna neno hata moja katika mistari minne linalolitaja sinia hilo wala kilichomo.

Kuna matatizo mengine mawili ya ulimi. La kwanza ni "shukrani". Hapo k na r zimegandana bila vokali kati yao, na r yenyewe ni sauti ambayo watoto wengi huichelewa, huitoa kama l. Mtoto akilainisha neno akasema "shukulani", silabi zinakuwa nne badala ya tatu, mstari unafika tisa na mapigo yanaanguka. Hapo ndipo utawasikia wanapoanza kupishana. La pili ni vina vya kati. Kwa msomaji ni utamu, lakini kwa mtoto ni kazi ya kufuata kamba mbili kwa zamu, fu, ni, fu, ni, mara nne, kwa jumla ya silabi 64 kabla hajaruhusiwa kula.

Na "riziki maradufu" ina shida ya tatu isiyo ya ulimi. Nyumba nyingi za huku kwetu zina miezi ya kabla ya mavuno, mvua zinaendelea na ghala limebaki vumbi, ambapo sinia linakuja na ugali mtupu. Mtoto akisemeshwa "maradufu" siku hiyo, anajifunza kwamba maneno ya dua hayahusiani na kilichopo. Mimi naona dua ya kila siku lazima iweze kusemwa kwa ukweli siku ya pilau na siku ya ugali na chumvi.

Kuhusu kufupisha, mwambie mume wako kwamba mizani nane si nusu ya shairi lililokatwa. Ni bahari kamili ya ushairi yenye heshima yake. Utenzi una ubeti wa mistari minne mifupi, na kwa kawaida kila mstari ni mizani nane. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mnamo 1858 kumwachia binti yake wosia, alitumia umbo hilohilo. Mama akimsemesha mtoto kwa mistari mifupi si jambo la kuonea haya katika ushairi wetu.

Sasa nikuonyeshe nilivyofika kwenye dua ninayokushauri, maana nikikupa tu bila kukuonyesha, baba yake ataona nimemdhulumu. Nilianza na neno ambalo hata mdogo wako wa miaka 2 huenda tayari analisema kila siku, "asante". Halina r, halina konsonanti za koo, linatamkika. Nikaliweka mara mbili katika mstari mmoja, mwanzoni na mwishoni, ili atakayeshindwa la kwanza alidake la pili: *Asante Mungu, asante.* A-sa-nte-mu-ngu-a-sa-nte, nane. Mstari wa pili nikauacha wazi, nitarudi kwake. Wa tatu nikataka ufike kwa watu wote waliozunguka sinia: *Na tushibe sisi sote.* Wa nne nikataka utoke nje ya mlango, kwa sababu mtoto anayeshiba ni vizuri ajue kuna asiyeshiba. Niliandika kwanza *Na mwenye njaa apate.* Kwenye karatasi ni nane: na-mwe-nye-nja-a-a-pa-te. Nikampa mjukuu wangu wa miaka 4 na nusu. Akasema "Na mwenye njaapate". Nikamrudishia mara tatu, mara tatu akasema hivyohivyo. Kosa lilikuwa langu: nimeziweka a tatu mfululizo, mbili za "njaa" na moja ya "apate", na hakuna ulimi wa mtoto, wala wa mtu mzima mwenye haraka, utakaozitenga zote. Nikageuza kuwa wingi. *Na wenye njaa wapate.* Ile w ikaingia kati kama kigingi, silabi zikabaki nane, na mtoto akasema sawasawa mara ya kwanza.

Dua nzima ni hii:

*Asante Mungu, asante,*
*Kwa ugali na samaki,*
*Na tushibe sisi sote,*
*Na wenye njaa wapate.*
*Amina.*

Mume wako, kama ni mshairi wa kweli, ataona kasoro moja na nataka aione kwangu kabla hajaivumbua. Kina cha mstari wa kwanza ni nte, cha tatu na cha nne ni te. Kwa mizani ya wakali wa vina, hivyo si vina vimoja. Ukitaka kina safi, mstari wa kwanza uwe *Asante Mungu wa wote*: a-sa-nte-mu-ngu-wa-wo-te, nane, na te tupu. Hiyo ni nzuri pia, tena inafaa nyumba yenye watu wa dini mbili. Mimi nimechagua "asante" ya pili kwa ajili ya huyo wa miaka 2, kwa sababu "wote" na "sote" kwake ni sauti mbili zinazochanganyana, na mtoto wa umri huo hatajali tofauti ya nte na te. Chagueni wenyewe, mradi mkishachagua msibadilishe. Mtoto anayesikia mstari ukibadilika wiki hii na wiki ijayo hushindwa kujua upi wa kushika.

Mstari wa pili ndio pekee unaobadilika, na unabadilika kila mlo. Kwa sababu hiyo sikuupa kina. Hapo mtoto anataja kilichopo kwenye sinia. Nimegundua jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria: vyakula vingi vya huku kwetu vina silabi tatu. Ugali, muhogo, samaki, dagaa, kisamvu, mbaazi, choroko, mlenda, ming'oko. Ukichukua viwili vyovyote ukavifunga kwa "kwa" na "na", unapata nane bila kuhesabu. Kwa muhogo na kisamvu. Kwa ming'oko na dagaa. Kwa ugali na mlenda, ambapo ile m ya mlenda inasimama peke yake, m-le-nda. Cha silabi mbili kikikutana na cha silabi nne nayo ni sawa: kwa wali na maharage, kwa chai na maandazi. Vyote vikiwa vifupi, ongeza "wetu": kwa wali wetu na pweza. Chakula kikiwa kimoja, kitaje hivyo kilivyo: kwa makande yetu haya, kwa uji wetu wa moto. Na siku ile ya ugali mtupu, *Kwa ugali wetu huu.* Ni nane, na ni kweli.

Mtoto akikosea hesabu, akasema "kwa wali na mchuzi" ambayo ni saba, mwache. Atavuta "waali" mwenyewe ili ijae. Wakati wa sikukuu watataka kuingiza pilau, kachumbari na soda katika mstari mmoja, na watacheka wakishindwa kupumua. Huo ndio mchezo wao na unawafundisha mizani kuliko nitakavyoweza mimi. Kinacholindwa ni mistari mitatu iliyobaki, isiguswe.

Kufundisha, anza mwisho wa mstari, kule sikio linakoshika kwanza. Siku tatu au nne za mwanzo sema wewe dua nzima, taratibu, na kwenye mstari wa kwanza simama kabla ya neno la mwisho: "Asante Mungu…" na umtazame mdogo. Akisema "asante", hata ikitoka "atante", endelea. Ni mtindo uleule wa hadithi, mmoja anasema "Paukwa!" wengine wanaitikia "Pakawa!". Watoto wetu wanazaliwa ndani ya kuitikia, tumia hilo. Siku zinazofuata acha na "sote", halafu "wapate". Miisho mitatu ikishakaa, wa kati ataanza mwenyewe kurudi nyuma na kudaka "sisi sote", kisha mstari mzima. Usimsukume. Ukiona kwa siku mbili mfululizo anakosea mahali palepale, rudi hatua moja, usiongeze kipya juu ya kilicholegea.

Wape kazi tofauti. Huyo mdogo ana "asante" ya mwisho na Amina, basi, na hizo zinamtosha mpaka ajongee miaka 3. Wa kati mpe mstari wa pili uwe wake. Fanya hivi: wakati unammiminia maji ya kunawa, muulize taratibu, "Leo tuna nini?" Ataangalia, atakwambia. Tayari ameshaandaa mstari wake, na mkono unaoshwa hauwezi kuwa kwenye sinia kwa wakati huohuo. Mdogo anawishwe wa mwisho kabisa, halafu dua ianze kabla mikono yake haijakauka. Mtoto wa miaka 2 mwenye njaa hana subira ya kukaa mbele ya chakula huku watu wanajipanga, na hilo si utovu wa adabu. Ubeti mzima ukisemwa kwa mwendo wa kawaida hauzidi sekunde kumi. Akidokoa kabla ya Amina, ushike mkono wake kwa upole, malizieni, muachie.

Mapigo ya kiganja yanasaidia, ila msipige makofi kwenye kila silabi. Hapo maneno yanakatikakatika kama mahindi yanayopukuchuliwa. Piga paja kwenye silabi zinazokazwa tu: asánte, múngu, asánte. Mstari wa chakula utausikia una mapigo mawili peke yake, ugáli, samáki, kwa hiyo unakuwa mpole kuliko mingine. Hapo ndipo mtoto anapata muda wa kufikiri ataje nini.

Suala la dini mbili ndani ya nyumba moja huku kusini si geni, na mmelichukulia kwa busara. Nimetumia "Mungu" kwa sababu ni neno la kila mtu hapo mkekani. Mama yako kama ni Mmakonde na anapenda kusema "Nnungu", mstari utafika tisa kwa sababu ile n ya kwanza ni silabi, na mwache aseme, watoto watanufaika kwa kulisikia. Lakini dua hii haichukui nafasi ya yale ambayo kila dini imeyaweka. Mume wako aendelee kuwafundisha Bismillahi kabla ya tonge la kwanza, mara tu baada ya Amina. Mama yako anaweza kufanya ishara yake ya msalaba kabla ya mstari wa kwanza. Kama kuna swali la iwapo maneno haya yanatosha, au nani aseme nini, mwulizeni sheikh wenu na padri au katekista wa mama. Mimi ni mwalimu wa watoto na vina, hilo si langu kuamua.

Naomba tu mume wako akumbuke mafundisho anayoyajua kuliko mimi. Mtume alikuwa na mtoto aliyemlea, Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku kwenye sahani. Alimwambia mambo matatu: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Maagizo matatu mafupi, kila moja ni kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya hapohapo. Nikimfikiria huyo mdogo wako na mkono wake kwenye sinia, sioni mfano bora wa namna ya kusema na mtoto wakati wa kula.

Shairi la baba lisitupwe. Huyo wa miaka 7 ameanza kusoma, na ndio umri unaofurahia kujua kitu ambacho wadogo hawakijui. Baba aliandike kwa herufi kubwa, lisemwe siku moja kwa wiki au wageni wanapokuja, na mkubwa awe msemaji wake. Ila amwelezee kila neno kwanza kwa kitu cha kushikika. Uadilifu ni pale mkubwa anapogawa vipande vya samaki na hajipi kinono. Upungufu ni debe la unga linapokwangulika chini. Akijua hivyo, "maradufu" haitakuwa madafu tena. Na ile "shukrani", akimruhusu mtoto kusema "shukurani" na yeye akaubadili mstari uwe *twakupa na shukurani*, twa-ku-pa-na-shu-ku-ra-ni, nane zinarudi na ulimi unapona.

Kuna mambo machache ambayo hayatibiwi kwa ubeti, na ningependa uyaangalie kwa macho yako. Kuruka maneno, r kuwa l, sh kuwa s, kuchanganya mistari, hayo yote katika miaka 4 hayanipi wasiwasi. Ninachotaka uchunguze ni kama wa kati anasikia vizuri, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hufuata midomo ya wenzake na mtu akadhani anajua dua. Simama nyuma yake akiwa anacheza, mita mbili hivi, bila kelele nyingine, umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka mara kadhaa siku tofauti, au kama sikio lake limewahi kutoa usaha, au anaongeza sana sauti ya redio, mpeleke kituo cha afya, na wakiona haja watakuelekeza hospitali ya mkoa, Ligula. Kwa mdogo, kama anapokaribia miaka 2 na nusu bado haunganishi maneno mawili kama "mama maji", au haitikii jina lake, sema kliniki anapopimwa uzito, usingoje aanze awali. Na mtoto yeyote aliyekuwa anasema maneno kisha akayaacha, apelekwe wiki hiyohiyo. Kwa ulivyoniandikia, mtoto anayegeuza maradufu kuwa madafu amelisikia neno kwa usahihi wa kutosha kulipatia ndugu yake wa karibu, kwa hiyo sina hofu kubwa juu yake. Lakini kumwita kutoka nyuma ni jambo la dakika moja, lifanye.

Anzeni kwa chakula cha jioni, mkiwa wote mkekani, kuliko asubuhi ambapo kila mtu anawahi. Na siku moja mkiwa na madafu kweli, mwachieni wa kati aseme mstari wake: *Kwa madafu na muhogo.* Ni nane.